Kanda za Nyanya wa Kipevu na Mvumo wa Stima

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze habari za kanda za kaseti. Nina swali moja la kuanzia: ukipewa kaseti isiyo na jina, isiyo na tarehe, na anayezungumza ndani yake hataji mji wala nchi, utajuaje ilirekodiwa wapi? Mimi nilidhani haiwezekani. Kumbe mara nyingine inawezekana, na jibu halimo katika maneno. Limo katika mvumo mdogo ulioko chini ya maneno, ule ambao watu wengi huuita "kelele za kanda" na kukimbilia kuufuta.

Nyanya yangu, mama yake baba, aliishi Kipevu miaka yake yote ya utu uzima. Kwa wasiopajua, Kipevu iko Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Ukitoka kisiwani unavuka Makupa, bandari ya Kilindini ikiwa upande wako wa kushoto. Alipofariki aliacha kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na kopo la biskuti lenye kaseti 23. Jamaa wakaniletea mimi kwa sababu ndiye "mtu wa kompyuta". Ombi lao lilikuwa rahisi: zigeuze ziwe faili, kila mtu apate kusikiliza kwenye simu yake.

Kaseti 22 hazikunisumbua sana. Hii moja iliyobaki ndiyo nataka kuwasimulia.

Kaseti zilikuwa barua

Kwanza historia kidogo, kwa vijana ambao wameikuta dunia ina WhatsApp tayari.

Kaseti tunayoijua ilionyeshwa na kampuni ya Philips kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin mwaka 1963. Ndani yake mna utepe wa plastiki wenye upana usiofika milimita 4, uliopakwa unga wa chuma, nao hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Kaseti ya dakika 60 hukupa dakika 30 kila upande. Piga hesabu: sekunde 1,800 mara sentimita 4.76 ni takriban mita 86. Urefu wote huo umekunjwa ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati.

Mombasa tuliipokea kwa mikono miwili. Taarab ndiyo iliyoieneza: wateja walinunua kanda za Juma Bhalo, Zein L'Abdin na Zuhura Swaleh, na duka kama Mbwana Radio Service lilijijengea jina kwa kazi hiyo. Arusi ikirekodiwa leo, baada ya siku chache nakala zake zilikuwa zinapita nyumba hadi nyumba. Mawaidha ya masheikh nayo yalisafiri vivyo hivyo.

Lakini kulikuwa na matumizi ya tatu ambayo hayakuuzwa dukani. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nchi za Ghuba zilianza kuhitaji wafanyakazi kwa wingi, na vijana wengi wa pwani yetu wakaenda kutafuta huko. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali, na nyumba nyingi hazikuwa na simu. Barua ilitaka mtu anayejua kusoma na kuandika vizuri. Rekoda haikutaka chochote kati ya hivyo. Ulibonyeza vitufe viwili pamoja, ukasema ya kusema, ukampa kaseti msafiri anayerudi nyumbani, naye akaifikisha kwa mkono. Jamaa waliketi kuizunguka redio, wakasikiliza salamu zao mmoja mmoja kwa majina.

Nyanya yangu hakujua kusoma. Kwa hivyo katika lile kopo la biskuti hamkuwa na barua hata moja ya karatasi.

Kaseti namba 17

Niliipa namba 17 kwa kufuata mpangilio wa kopo, kutoka juu kwenda chini. Ilikuwa kaseti ya dakika 60 bila maandishi yoyote. Upande wa B una sherehe ya wanawake ndani ya nyumba ya nyanya mwenyewe; sauti yake inasikika akiwaamrisha watu kuhusu masufuria. Upande wa A una mwanamume mmoja anayezungumza peke yake kwa dakika 14.

Mwanamume huyo ni ami yangu, mdogo wa baba. Alikwenda Saudia kufanya kazi katika miaka ya themanini, akamwacha mkewe na mimba. Hakurudi, alifariki huko kabla ya kupata likizo ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa ni binamu yangu, sasa mama wa watoto watatu. Tangu udogo wake alikuwa akiambiwa maneno yale yale: baba yako aliondoka, na tangu alipoondoka hakutuma neno.

Basi kaseti hii ilipotokea, kulikuwa na maelezo mawili. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo, alisema ami aliirekodi nyumbani Kipevu usiku wa kuamkia safari, na kwamba anakumbuka rekoda ikiwa mezani. Binamu alitaka sana iwe imetoka Saudia. Maneno yenyewe hayakusaidia. Ami anawasalimu watu, anaomba radhi kwa mama yake, anasema mtoto akiwa wa kike apewe jina la nyanya yake mzaa mama, anasisitiza mkewe asibebe maji mazito. Mtu anaweza kuyasema hayo usiku wa kuamkia safari, na anaweza kuyasema akiwa mbali miezi mitatu baadaye.

Kulikuwa na tatizo la pili. Tulipoisikiliza kwa mara ya kwanza, shangazi alitikisa kichwa. "Maneno ni yake," alisema, "lakini sauti si yake. Huyu yuwasema kama kijana wa shule. Ndugu yangu alikuwa na sauti nzito."

Kabla ya kurekodi chochote

Niwaeleze kwanza nilivyoitoa sauti kwenye kanda, kwa sababu bila hatua hizi yote yanayofuata yangekuwa ya kubahatisha.

Kaseti iliyokaa pwani miaka mingi huwa na adui wawili, unyevu na kipande cha sponji. Unyevu huleta ukungu, vumbi jeupe ambalo unaliona pembeni mwa utepe ukiuangalia kwa tochi kupitia kidirisha. Kaseti yenye vumbi hilo usiiweke kwenye rekoda kabla ya kuisafisha, maana itachafua hedi na kuzichafua kaseti zinazofuata. Sponji ni kile kipande kidogo kinachousukuma utepe ugusane na hedi. Gundi yake huzeeka, kikadondoka, na ukiicheza kaseti hiyo utasikia sauti hafifu iliyozibwa kama mtu anayeongea nyuma ya mto. Namba 17 ilikuwa imepoteza sponji yake. Nilifungua skurubu 5 za ganda lake, nikahamishia roli zake mbili na utepe wake ndani ya ganda la kaseti mpya isiyo na kitu. Ni kazi ya dakika kumi na mikono mitulivu.

Halafu nikaisogeza kaseti mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma mpaka mwanzo, ili utepe uliojikunja kwa miaka mingi ulegee na kujipanga upya. Hedi nikaisafisha kwa spiriti ya isopropili na pamba. Kisha nikarekebisha ile skurubu ndogo iliyo kando ya hedi, ambayo huinamisha hedi kushoto au kulia. Hedi ikiwa imeinama tofauti na hedi ya rekoda iliyorekodi, herufi kama s na sh hufifia. Unaizungusha polepole huku ukisikiliza, na pale ambapo s zinang'aa zaidi ndipo penyewe.

Sasa hatua ambayo watu wengi huiruka. Rekoda yangu niliiendesha kwa betri. Kompyuta ya mkononi nayo niliichomoa kwenye soketi, ikaenda kwa betri yake. Sababu yake mtaiona hivi punde. Nikarekodi faili la WAV lenye biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Faili kama hilo hula takriban megabaiti 17 kila dakika, kwa hivyo kaseti nzima ya dakika 60 hufika karibu gigabaiti 1. Ni kubwa, lakini hilo ndilo faili mama. Haliguswi tena.

Mvumo

Stima ya nyumbani hubadilisha mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde. Kenya hufanya hivyo kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde. Mashine za Kipevu nazo huzungushwa kwa kufuata mpigo huo huo. Kipevu, kama wengi wenu mnavyojua, ndipo palipojengwa mitambo ya umeme wa mafuta: Kipevu I ya mwaka 1999, Kipevu II ya mwaka 2001, Kipevu III ya mwaka 2011, na kabla ya hiyo palikuwa na mitambo ya mvuke. Mashine zote zilizounganishwa kwenye gridi moja lazima ziende pamoja, kwa hivyo mpigo wa soketi ya Kipevu ni ule ule wa soketi ya Nairobi.

Rekoda ikichomekwa kwenye soketi, sehemu ndogo ya mpigo huo hupenya ndani ya sauti. Hupitia transfoma, hupitia kapasita iliyochoka, hupitia waya wa maikrofoni uliopita karibu na waya wa stima. Kwenye kanda huwa mvumo mzito usiobadilika. Mara nyingi hausikiki katika hezi 50 zenyewe tu. Husikika zaidi mara mbili yake na mara tatu yake, yaani hezi 100 na 150.

Mtu anaweza kuuliza, je, mwendo wa mota hautegemei mpigo huo huo? Katika rekoda ndogo za nyumbani hautegemei. Mota yake huendeshwa na umeme wa aina ya betri hata ikiwa imechomekwa ukutani, na mwendo wake hutegemea saketi yake yenyewe na belti yake. Kwa hivyo mvumo na mwendo ni vitu viwili tofauti. Hilo ndilo linaloufanya mvumo uwe rula: unajua ulikuwa hezi ngapi ukutani, unapima umekuwa hezi ngapi kwenye faili, na tofauti inakuambia mwendo ulikosea kiasi gani.

Na sasa mnaona kwa nini nilitumia betri. Ningechomeka vifaa vyangu ukutani, ningeongeza mvumo wangu mwenyewe wa hezi 50 juu ya ule wa zamani, nami nisingejua nimepima upi.

Kupima

Nilianza na upande wa B, ambao hauna ubishi: ni nyumba ya Kipevu, watu wote wanajulikana kwa sauti. Nilitafuta sehemu ambapo hakuna anayezungumza, sekunde chache tu baada ya rekoda kuwashwa, nikaichagua ndani ya Audacity, nikaenda `Analyze > Plot Spectrum` na kuweka ukubwa wa `65536`. Grafu inayotokea ni kama milima, na mvumo wa stima huonekana kama vijiti vyembamba vilivyosimama peke yao. Vijiti vilikuwa kwenye hezi 100.3 na 150.4. Gawanya cha kwanza kwa 2 na cha pili kwa 3, unapata 50.1 kote. Maana yake ni kwamba rekoda ya nyanya na rekoda yangu zinakubaliana karibu kabisa. Si rahisi basi rekoda yangu iwe na kosa la kutajika, labda ziwe zimekosea zote mbili sawasawa.

Kisha upande wa A. Ami huanza kwa kukohoa, halafu kuna kimya cha sekunde 4 kabla ya salamu. Sekunde 4 zinatosha. Vijiti vilikuwa kwenye hezi 123.6 na 185.4.

Nilikaa nikiziangalia namba hizo. Ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza inatoa 1.5, kwa hivyo hakika ni mara mbili na mara tatu ya kitu kimoja. Kitu hicho ni hezi 61.8. Kenya hakuna stima ya hezi 61.8, na duniani hakuna gridi ya kawaida ya kiasi hicho. Zipo 50 na zipo 60.

Basi kuna njia mbili tu. Ya kwanza: stima ilikuwa ya hezi 50, na sauti inakwenda kasi kupita kiasi kwa karibu asilimia 24. Ya pili: stima ilikuwa ya hezi 60, na sauti inakwenda kasi kwa asilimia 3.

Asilimia 3 ni kosa la kawaida kabisa la rekoda ya bei nafuu au ya belti iliyolegea. Rekoda iliyorekodi polepole kidogo, ikichezwa kwenye rekoda ya mwendo sahihi, hutoa sauti nyembamba kidogo. Asilimia 24 ni jambo jingine. Hapo mtu mzima husikika kama katuni, na hakuna ambaye angesema "maneno ni yake lakini sauti si yake". Angeuliza huyu mtoto ni nani.

Hata hivyo sikutaka kuamua kwa kichwa. Nilitengeneza faili mbili, moja kwa kila njia, kwa programu ndogo iitwayo `sox`:

```
sox 17a.wav jaribio50.wav speed 0.8091
sox 17a.wav jaribio60.wav speed 0.9709
```

Namba ya juu ni 100 ikigawanywa kwa 123.6. Ya chini ni 120 ikigawanywa kwa 123.6. Amri ya `speed` hubadilisha mwendo na unene wa sauti pamoja, kama kanda halisi inavyofanya. Msitumie amri ya `tempo` hapa, kwa sababu hiyo hubadilisha mwendo na kuuacha unene wa sauti ulivyo.

Nikamchezea shangazi zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza aliicheka. "Huyu amelewa usingizi." Ya pili hakuimaliza. Kufikia salamu ya tatu alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Ndiye. Ndiye mwenyewe."

Hezi 60 ni wapi?

Sasa ramani. Kenya ni hezi 50, na nchi jirani zetu pia. Oman ni 50. Dubai na Abu Dhabi ni 50. Kuwait, Qatar na Bahrain ni 50. Katika nchi za Ghuba walikokuwa wakienda watu wetu, inayotumia hezi 60 ni Saudi Arabia.

Kuna mtego mmoja lazima niutaje, hasa kwa sisi tunaokaa karibu na bandari. Meli nyingi hujizalishia umeme wa hezi 60. Kaseti iliyorekodiwa na baharia ndani ya kabini yake, hata meli ikiwa imetia nanga Kilindini, inaweza kubeba mvumo wa 60. Ukikuta hezi 60 kwenye kanda ya nyumbani, uliza kwanza kama mwenyewe alikuwa baharia. Ami hakuwa baharia, alisafiri kwa ndege, na katika dakika ya tisa ya kanda gari linapiga honi dirishani na mtu anafungua mlango wa chuma. Hiyo si meli.

Kwa hiyo shangazi hakusema uongo aliposema anakumbuka rekoda mezani. Huenda kweli alimwona ndugu yake na rekoda usiku ule. Lakini kaseti namba 17 haikurekodiwa kwa stima ya Kipevu. Ilirekodiwa Saudia, ikasafiri mfukoni mwa mtu asiyejulikana, ikafika Kipevu, na baadaye upande wake wa pili ukatumika kurekodi sherehe kama ilivyokuwa desturi, maana kaseti ilikuwa mali na haikuachwa nusu tupu.

Ami alituma neno.

Mipaka ya ushahidi

Nisije nikawapa watu matumaini ya bure, niseme na pale njia hii inaposhindwa. Rekoda iliyotumia betri kwa kawaida haiachi mvumo wa kupimika, na barua nyingi zilirekodiwa kwa betri. Katika kaseti 23 za nyanya, nilipata mvumo unaoeleweka kwenye 9 tu. Kanda iliyonakiliwa inaweza kuwa na mivumo miwili, wa mahali pa kwanza na wa mahali iliponakiliwa, na lazima uitenganishe kabla ya kusema lolote. Betri ikiisha polepole wakati wa kurekodi, mwendo hubadilika njiani, kwa hivyo kurekebisha kwa namba moja hakutoshi. Utaitambua hali hiyo kwa kupima mwanzo, katikati na mwisho: namba zikipanda au kushuka, huna budi kuligawa faili vipande vipande. Namba 17 nilipima mahali patatu na tofauti haikufika nusu hezi.

Na mvumo wa hezi 50 haukuambii mengi, kwa sababu unaweza kuwa wa Kipevu, wa Muskati au wa Dubai. Ule wa 60 ndio ulioweza kusema, kwa vile ni wa nchi moja tu kati ya zile zilizokuwa na maana kwetu.

Juu ya yote, mvumo hujibu swali la wapi, haujibu swali la kwa nini. Kwa nini nyanya hakuitoa kaseti hii kwa mkwewe? Kwa nini mtoto alikua akiambiwa hakuna neno lililotumwa? Labda ilifika baada ya habari ya msiba, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuisikiliza. Labda kulikuwa na ugomvi wa watu wazima. Hakuna grafu ya jambo hilo, na wanaojua wamelala makaburini.

Nani apewe faili

Mpango wa mwanzo ulikuwa kugeuza kila kitu kuwa MP3 na kukitia kwenye kundi la ukoo. Kanda za arusi tulizitia hivyo hivyo. Hotuba ya binadamu mmoja haihitaji makubwa. Sauti ya njia moja kwa kiwango cha 64k inatosha, na dakika 14 hazifiki megabaiti 7:

```
ffmpeg -i 17a-sahihi.wav -ac 1 -b:a 64k 17a.mp3
```

Lakini namba 17 si ya ukoo. Kuanzia dakika ya sita ami anaacha kusalimu watu na kuzungumza na mkewe, kwa sauti ya chini, mambo ya mume na mke. Alipotoa kaseti hiyo alijua itachezwa mbele ya watu, labda alidhani wangezima hapo. Nilichofanya ni kumpelekea mke wa ami faili zima, yeye peke yake, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, pamoja na kaseti yenyewe. Sikumuuliza alichosikia.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Akaniambia dakika sita za mwanzo nimpe binamu, na mtu yeyote wa nyumbani anayezitaka. Zilizobaki nizifute kwenye kompyuta yangu. Nikazifuta, faili mama na nakala zake zote. Nakala iliyobaki ni yake.

Binamu alipopata sehemu yake aliuliza jambo moja tu la kifundi: kama sauti hiyo ndiyo hasa, au ni kompyuta imeitengeneza. Nikamweleza kwamba sikuongeza kitu na sikusafisha kitu, nimepunguza mwendo kwa asilimia 3 tu mpaka stima ya kule irudi kwenye hezi 60. Aliniomba nisiufute mvumo. Kwa hivyo haumo kwenye orodha ya kelele zilizoondolewa, na ukivaa hedifoni utausikia, mdogo, chini ya sauti ya baba yake, anaposema mtoto akiwa wa kike apewe jina la nyanya yake mzaa mama. Ndilo jina alilopewa.